Sifuri kwa jibu sahihi

Juzi mtoto wa dada yangu, hapa Bukavu, alinionyesha karatasi yake ya intero. Swali lilikuwa hili: tafuta baki la 7^77 ukigawanya kwa 101. Aliandika 15, na ndilo jibu. Mwalimu amepiga msalaba mwekundu na kuuliza pembeni: "Mzunguko uko wapi?" Akampa sifuri. Imeniuma sana, na sioni sababu ya kunyamaza.

Naelewa mwalimu alikotoka. Ukiulizwa tarakimu ya mwisho ya 7^77, mzunguko unafaa kabisa: 7, 9, 3, 1, kisha unarudi 7. Hapo sina ubishi. Lakini ukigawanya kwa 101, vipeo vya 7 havirudi kwenye 1 mpaka ufike kipeo cha 100. Mtoto anayesubiri mzunguko atazidisha kwa 7 mara 76, afike 77 bila kuuona ukifunga. Kwa intero ya nusu saa, huko ni kumwonea.

Tazama alichofanya huyu kijana. Alianza na 7, akaizidisha kwa yenyewe: 49. Akaizidisha 49 kwa yenyewe: 2401, ukitoa 101 mara 23 linabaki 78. Sasa hapa ndipo nilipompenda: hakuendelea na 78. Aliandika −23, kwa sababu 78 na −23 zinapishana kwa 101 kamili, na kuzidisha 23 kwa 23 kwa mkono ni kazi nyepesi kuliko 78 kwa 78. Kila hatua kipeo kinajirudufu, na namba haiachiwi kunenepa:

```
7^1  →  7
7^2  →  49
7^4  →  78 = −23
7^8  →  529 → 24
7^16 →  576 → 71 = −30
7^32 →  900 → 92 = −9
7^64 →  81 = −20
```

Halafu akaivunja 77: ni 64 na 8 na 4 na 1. Basi anazidisha mistari hiyo minne tu. −20 mara 24 ni −480, ukiongeza 505 unapata 25. 25 mara −23 ni −575, ukiongeza 606 unapata 31. 31 mara 7 ni 217, ukitoa 202 linabaki 15. Amezidisha mara tisa kwa jumla. Namba yenyewe, 7^77, ina tarakimu 66, na hakuna mahali alipohitaji kuandika namba inayozidi 2401.

Nikisikia mtu anasema njia hii ni ya mashine, si ya mwanafunzi mwenye kalamu, nakataa. Kalamu ndiyo inayoihitaji zaidi, maana mkono unachoka na kukosea.

Na makosa yake yanajulikana. Baya zaidi ni kupoteza alama ya kutoa. Ukiandika 23 badala ya −23 kwenye mstari wa 7^4, mstari unaofuata hautakuambia lolote, kwani 23 na −23 zote zikizidishwa kwa zenyewe zinatoa 529. Orodha yote ya chini inabaki safi, ila jibu la mwisho linakuwa 86. Kosa lingine ni kupunguza kipeo kwa 101, kana kwamba nacho ni baki: mtu anaona 7^101, anasema 101 ni sawa na 0, anaandika 1. Jibu ni 7. Kipeo kinapunguzwa kwa 100, si kwa 101.

Hilo la 100 ndilo linalotupa kipimo. Fermat alilieleza tangu 1640: kwa kuwa 101 ni namba tasa, 7^100 lazima ibakize 1. Na 100 ni 64 na 32 na 4, mistari ambayo tayari iko kwenye karatasi. −20 mara −9 ni 180, yaani 79, yaani −22. −22 mara −23 ni 506, na 506 ni 5 mara 101 na 1 juu. Orodha imepita. Angekuwa amepoteza ile alama, angepata 100 badala ya 1, na angejua kabla ya kutoa karatasi. Mwalimu alitaka uthibitisho. Huu hapa, kwa kuzidisha mara mbili.

Kipimo hiki hakikubali kila namba. Ukigawanya kwa 91, ambayo ni 7 mara 13, basi 2^90 inabakiza 64 hata kama umefanya kila kitu sawasawa. Hapo rudi kwenye pruve ya tisa tuliyofundishwa primeri, mstari kwa mstari: andika 576 = 5 × 101 + 71 kwa ukamilifu, weka jumla ya tarakimu za kila namba mahali pake, 18 upande mmoja na 5 × 2 + 8 upande mwingine, uone zinaangukia tisa pande zote mbili.