Kuformata hakuwashi VT-x

Huku kwetu Lubumbashi kompyuta ikikataa jambo lolote, jibu ni moja: iformatwe. Sauti imepotea, formata. Printa haionekani, formata. Mara nyingine inasaidia, ndiyo maana desturi hii haifi. Lakini kuna ugonjwa mmoja ambao unaweza kuformata kutwa kucha usipone, na kila nikiona mtu amelipishwa kwa dawa hiyo nakasirika.

Kijana mmoja wa Kampemba, mwanafunzi wa mitandao, aliniletea mnara wake wa mtumba, HP Compaq Elite 8300 wenye prosesa ya Core i5-3470. Alitaka kuendesha Linux ndani ya VirtualBox, programu inayounda mashini pepe, yaani kompyuta ya kuigiza ndani ya kompyuta, kwa ajili ya kazi zake za chuo. Faili la Ubuntu, aina moja ya Linux, alikuwa amelipakua usiku kwa mega zake mwenyewe, na anayenunua mega hapa mjini anajua maumivu yake. Kila akibonyeza kuwasha mashini pepe, alipata maneno haya:

```
VT-x is disabled in the BIOS for all CPU modes
(VERR_VMX_MSR_ALL_VMX_DISABLED)
```

Fundi wa kwanza aliformata. Wa pili akaformata tena na kuweka Windows nyingine. Dola 10 kila mmoja. Maneno yalibaki yale yale, na ajabu ni kwamba yenyewe yanataja mahali pa ugonjwa: BIOS, si Windows.

BIOS haikai kwenye diski. Ni programu iliyo ndani ya chipu kwenye ubao mama, na ndiyo inayoamka kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Inapoamka inasoma mipangilio yake: ikikuta virtualization, uwezo wa prosesa wa kuendesha mashini pepe ambao Intel huuita VT-x, imezimwa, inaiambia prosesa isiruhusu uwezo huo, kisha inatia kufuli. Kufuli hilo halifunguki mpaka prosesa ianze upya. Windows inapofika, mlango umeshafungwa, na Windows mpya itaukuta umefungwa vile vile. Hata zana za watengenezaji zinazobadilisha mipangilio ya BIOS kutoka ndani ya Windows hazina njia ya mkato: lazima kompyuta iwashwe upya ndipo mabadiliko yashike.

Kabla ya kugusa chochote, hakikisha. Kwenye Windows ya Kifaransa, ambayo ndiyo wengi wetu tunayo, fungua Gestionnaire des tâches kwa Ctrl+Shift+Esc, nenda Performance, bonyeza Processeur, na chini utaona neno Virtualisation. Kwa kijana wangu liliandikwa Désactivé. Likiwa Activé na mashini pepe bado inakataa, usiende BIOS hata kidogo. Huenda Hyper-V, programu ya mashini pepe ya Windows yenyewe, ndiyo imeshika uwezo huo, na hiyo ni hadithi nyingine. Na VirtualBox ikikuandikia VERR_VMX_NO_VMX, maana yake VirtualBox haiuoni kabisa uwezo huo kwenye prosesa: ama prosesa haina, ama kuna kitu kinauficha.

Kwenye mnara ule tulibonyeza F10 wakati wa kuwaka. Hapo tukaingia menyu ya Security, kisha System Security, na ndani yake mstari wa Virtualization Technology (VTx) ulikuwa Disabled. Ndiyo, chini ya usalama, mahali ambapo mtu anayetafuta habari za prosesa hawezi kufikiria kuangalia. Kwenye kompyuta nyingine utaikuta chini ya Advanced, na zenye prosesa za AMD huiita SVM Mode. Tuliweka Enabled, F10 kukubali, kisha tukahifadhi kupitia menyu ya File. Halafu, hapa wengi huharakisha: tulizima kabisa kompyuta, tukasubiri, tukaiwasha. Kuanzisha upya tu hakutoshi kwa mashini za aina hii.

VirtualBox ilifunguka mara moja. Kijana alicheka, akabeba mnara wake, akaenda.

Baada ya siku tisa alinipigia. «Yaya, ile mashini iko inakataa tena.» Nakiri wazo langu la kwanza lilikuwa baya: nilidhani amechezea menyu mwenyewe. Nikamuuliza kama umeme ulikatika. Akacheka, kwa sababu mtaani kwao swali hilo ni sawa na kumuuliza mtu kama jua lilichomoza. Nikamuuliza saa ya kompyuta inasema nini. Akasema mwaka umerudi nyuma sana na tovuti zinagoma kufunguka, ila hilo alidhani ni mambo ya mtandao.

Basi nikajua. Kwenye ubao mama kuna betri ndogo ya duara kama kitufe cha koti, CR2032, ya volti 3. Kompyuta ikiwa imechomekwa ukutani, betri hiyo haina kazi kubwa. Umeme ukikatika, ni yenyewe inayoshika saa, na kwenye mashini nyingi za umri huu mipangilio ya BIOS inaitegemea pia. Ikifa, BIOS inaamka bila kumbukumbu na kurudi ilivyotoka kiwandani. Na kiwandani mashini hii ilitoka na VTx ikiwa imezimwa. Alipowasha mbele yangu, skrini nyeusi ilisema yote:

```
162-System Options Not Set
163-Time & Date Not Set
```

Alikuwa anayaona kila siku na kubonyeza kitufe ili yapite. Fundi wawili nao waliyapita.

Tulinunua betri mpya kwa mtengeneza saa, tukachomoa waya wa umeme, tukabadilisha, tukaweka tarehe na kuwasha VTx upya. Halafu nikachomoa tena waya kwa robo saa nzima huku tukinywa chai. Niliporudisha, saa ilikuwa sahihi na VTx ilikuwa Enabled. Bila jaribio hilo la kuchomoa, ningekuwa nimemuuzia siku tisa nyingine.

Watengenezaji walikuwa na hoja zao za kuzima. Mwaka 2006 Joanna Rutkowska, mtafiti wa usalama wa kompyuta, alionyesha kwenye mkutano wa usalama wa Black Hat jinsi programu mbaya inavyoweza kujificha chini ya mfumo mzima kwa kutumia uwezo huu huu. Sawa. Lakini kumfungia mwanafunzi mlango na kuficha ufunguo chini ya Security, bila kumwambia, hiyo mimi siikubali. Zamani angalau ulikuwa na njia ya kuzunguka: VirtualBox iliweza kuendesha mifumo ya biti 32 bila VT-x. Tangu toleo la 6.1, la Desemba 2019, njia hiyo imefungwa.

Lawama yangu kubwa zaidi naiweka hapa hapa mjini, kwa sisi tunaouza na kutengeneza mitumba. Mnara unafika, unapanguswa vumbi, unawekewa Windows na kubandikwa bei. Hakuna anayefungua BIOS, hakuna anayepima betri. Kazi yenyewe ni dakika tano. Ukitia nywila ya BIOS kuzuia watoto, kumbuka tu kwamba mara nyingi BIOS inaisoma kibodi yetu ya AZERTY kana kwamba ni QWERTY: ukiandika «a» imeandika «q», na utajifungia nje wewe mwenyewe. Mimi yamenikuta.

Dola zake 20 kijana hakurudishiwa. Fundi wa pili alimwambia kazi ya kuformata aliifanya vizuri, na kusema kweli, aliifanya.