"Tunakuletea bure kuanzia 60,000": nani anamlipa boda?

Duka la Kariakoo linalouza kwa simu huwa na bei ya kufikisha mzigo inayojengwa na vitu viwili, yaani kanda na uzito. Tuchukue mfano wa viwango hivi: Ilala, Upanga na Magomeni ni kanda A, 3,000, Sinza, Mwenge na Tabata kanda B, 5,000, Mbagala, Bunju na Kigamboni kanda C, 8,000. Kilo 5 za mwanzo zimo ndani ya bei hiyo, na kila kilo inayozidi huongeza 500. Kipande cha kilo huhesabiwa kilo nzima:

```
ada = kanda + max(0, ceil(uzito) - 5) * 500
```

Hapo hakuna ugomvi. Ugomvi huanza duka linapotangaza kuwa kuanzia shilingi 60,000 mteja analetewa bure, kwa sababu tangazo hilo linatazama pesa tu, wakati boda anadai kwa kilo na kwa umbali.

Wanaoitetea ofa wana hoja nzito. Mteja akiona sentensi moja anaelewa, akitumiwa jedwali la kanda na kilo anauliza "mpaka kwangu ni shilingi ngapi?", na asipojibiwa haraka anahamia duka jingine. Pili, ofa humsukuma mteja aongeze bidhaa. Hoja hii ya pili ni ya kweli, ila ina masharti yake.

Tuseme faida ya duka kabla ya gharama nyingine ni asilimia 30, na mteja alikusudia kununua vipodozi vya 40,000 na kujilipia usafiri. Duka lingebaki na 12,000. Kwa sababu ya ofa anafika 60,000, faida inakuwa 18,000, lakini sasa boda analipwa na duka. Mteja akiwa Upanga zinabaki 15,000, na ofa imeongeza 3,000. Akiwa Mbagala zinabaki 10,000. Mauzo yamepanda kwa 20,000 na faida imeshuka kwa 2,000! Mwenye duka anayetazama mauzo peke yake ataisifu ofa hiyo mwaka mzima.

Ukigawa ada kwa kiwango cha faida unapata kiasi ambacho mteja lazima aongeze ili duka lisipoteze. Kanda A ni 3,000 gawanya kwa 0.30, yaani 10,000. Kanda C ni karibu 27,000. Kwa hiyo wateja wa Mbagala ambao kwa kawaida hununua vitu vya 40,000 wangestahili ofa inayoanzia 70,000 hivi, na wale wa Upanga hata 50,000 ingetosha. Kiwango kimoja cha jiji zima kinawabana wa karibu ili kuwabeba wa mbali.

Uzito ndio unaoumiza zaidi. Kilo 25 za mchele kwa 2,600 ni 65,000, kwa hiyo ofa inafanya kazi. Faida ya mchele tuiweke asilimia 8, sawa na 5,200. Kuufikisha Bunju ni 8,000 jumlisha kilo 20 za ziada kwa 500, jumla 18,000. Duka limejitoa mfukoni 12,800, na mteja aliyefurahi ataagiza tena mwezi ujao.

Dawa ninayoiona bora ni duka kuchangia usafiri wa mzigo uliofika 60,000 kwa kikomo, tuseme 5,000:

```
mteja_analipa = max(0, ada - 5000)
```

Wa kanda A na B wenye mizigo myepesi bado wanaletewa bure, wa Mbagala mwenye vipodozi anaongeza 3,000, na wa mchele anadaiwa 13,000. Huyu wa mwisho pengine ataghairi, na wapinzani wa kikomo watasema umempoteza mteja. Kweli, lakini kwa bei ile hakuwa na faida yoyote. Kwa duka la manukato au vifaa vya simu, ambako mzigo haufiki hata kilo 2, kikomo ni usumbufu bure. Ofa ya neno moja inatosha, mradi kiwango kifuate kanda.

Mahesabu haya huharibika kimyakimya sehemu tatu. Bidhaa iliyoingizwa kwenye mfumo bila uzito husomeka kilo 0, na ndoo ya rangi ikasafiri kwa bei ya bahasha. Kanda zilizochorwa kwa mstari ulionyooka huiweka Kigamboni jirani na Posta, ilhali kati yao kuna maji, na boda atapita kwenye kivuko au azunguke Daraja la Nyerere. Mwisho, 60,000 ihesabiwe baada ya punguzo na baada ya bidhaa zilizorudishwa mlangoni: anayeagiza gauni mbili za 30,000, akabaki na moja, amenunua 30,000, na ada yake inarudi palepale.