Kuhusu dawa ya kupanua njia za hewa

"Mwanangu wa miezi 4 anatoa mlio kifuani, mbona daktari hakumpa salbutamoli?"

Mama, mlio huo si wa pumu. Ni wa bronkiolaiti, ugonjwa wa mapafu wa watoto wachanga unaoletwa na virusi: vijia vidogo vya hewa vimevimba na kujaa makamasi. Salbutamoli hulegeza misuli iliyokaza, na hapa tatizo kubwa si misuli. Itamwongezea tu mapigo ya moyo. Steroidi, dawa za kupunguza uvimbe, nazo zimejaribiwa, hazikupunguza siku za kulazwa.

Kinachomsaidia ni pua wazi: matone ya maji ya chumvi kabla ya kunyonya, kisha anyonye kidogo kidogo, mara nyingi. Siku ya 3 hadi ya 5 ya ugonjwa huwa ngumu zaidi. Akinyonya chini ya nusu ya kawaida, au pumzi ikikatika, mkimbize hospitali apewe oksijeni, hata maziwa kwa mpira wa puani.