Jogoo hana makosa, shida ni taa

Mimi niko upande wa jogoo, niseme hivyo mapema kabisa, kwa sababu hapa kwetu Free Area, Nakuru, kesi ya jogoo wa Mama Duka imefika mahali hata ukienda kununua sukari unaulizwa kwanza wewe ni wa nani.

Mlalamishi ni Mwalimu, amestaafu, anapenda usingizi wake. Kati ya ploti yake na ya Mama Duka kuna fensi moja ya mabati yenye kutu, na kibanda cha kuku kimeegemezwa hapo hapo, kwa hivyo jogoo akifungua mdomo mabati yanatetemeka na kelele yote inaingilia dirisha la Mwalimu. Jumamosi iliyopita saa kumi usiku akatoka na blanketi mabegani.

"Mama, mwambie huyo jogoo wako Kanu ilishindwa 2002! Matokeo yalitangazwa, aache kampeni!"

Mama Duka naye hakuwa amelala, huyo halali ugomvi ukiwa karibu. "Mwalimu, umegongea watoto wa wenyewe kengele miaka yote hiyo, leo wewe kuamshwa mara moja tu ni kesi?"

"Kengele yangu ilikuwa na saa! Huyu angefuata saa zako za kufungua duka angewika adhuhuri!"

"Angalau yeye akiwika kuna mtu anamsikiliza. Wewe hata mbwa wako ukimwita anaangalia kwanza kama ni lazima."

Hapo majirani tukacheka gizani, kila mtu kwa dirisha lake, na Mwalimu akajua tuko macho, ndio akahamia sheria. Akasema kuna kanuni za kelele za 2009 na atampeleka mbele. Mama akamwambia apeleke, ila akifika huko aeleze pia ni nani alifunga ile taa.

Sasa hiyo taa ndiyo stori yenyewe. Mwalimu aliweka taa ya sekyuriti juu ya nguzo ya fensi, ile inajiwasha yenyewe kitu kikipita, na kinachopita usiku ni paka. Paka akipita, taa inawaka, inamulika kibanda cha kuku hadi ndani.

Watu hudhani jogoo huwika kwa sababu ameona jua. Hapana, ana saa yake mwilini. Watafiti wa Nagoya, Japani, waliandika 2013 kwamba majogoo waliofungiwa kwenye mwanga hafifu usiobadilika waliendelea kuwika alfajiri ikikaribia, bila kuonyeshwa chochote. Lakini mwanga ukimpiga, au akisikia mwenzake, pia anawika, na hilo linamshika zaidi kukiwa kumekaribia kucha. Hapa jua huchomoza kama saa kumi na mbili na nusu, so ukimwashia taa saa kumi usiku unamkuta tayari amejipanga.

Suluhisho la Mwalimu lilikuwa achinjwe. Mama akaruka, ati mayai yatatoka wapi? Hapo Mama alikosea, kuku anataga bila jogoo, ni vifaranga tu ndio hutapata. Lakini hata Mwalimu hakufikiria vizuri, kwa sababu kibandani kuna jogoo mwingine mdogo, kimya kabisa. Hao Wajapani waligundua tena kwamba mkubwa ndiye huanza na wengine wanafuata kwa cheo, na ukimtoa mkubwa, anayemfuata anachukua kazi. Ungekula supu Jumapili, Jumatatu unaamshwa na kijana mwenye mapafu mapya.

Mzee wa nyumba kumi akaja, akanywa chai vikombe viwili bila kusema neno, halafu akaamua. Taa igeuzwe imulike geti. Kibanda kitolewe kwa mabati kipelekwe upande wa jikoni ya Mama. Usiku jogoo alale kwenye boksi la mbao lenye giza na matundu ya hewa, dari iwe chini kiasi, asimame vizuri lakini asiweze kunyoosha shingo, maana bila kunyoosha shingo ile sauti kubwa haitoki. Asubuhi afunguliwe mapema, boksi si jela.

Imesaidia. Haijanyamazisha, mchana bado anawika anavyotaka na alfajiri unasikia kitu kama kikohozi, lakini Mwalimu analala.

Mama alitii, ila wakati wa kuhamisha kibanda alisema kwa sauti ya mtaa mzima kwamba anahamisha kuku wake kwa sababu fensi ya Mwalimu inaweza kuwaangukia, kwani hiyo aliijenga ama aliimwaga? Mwalimu akajibu fensi imeinama upande wa Mama kwa sababu inasikiliza udaku. Sasa wanabishana nani atanunua nguzo mpya, na mzee amesema safari hii hakuna mkutano bila mandazi.