Barua ya sifa iliyoniponza

Najua dereva wangu wa bodaboda ameshawasimulia kijiweni kwamba nililia mbele ya mhasibu wa shule. Sikulia. Macho yalijaa tu.

Ile shule ya bweni ilitaka trei 60 za mayai kwa wiki, ila wakaomba barua kutoka kwa mteja ninayemhudumia siku nyingi. Nikamkimbilia mama wa mgahawa. "Shikamoo mama, naomba uniandikie barua ya kunisifia." Akauliza aandike nini. Mimi na akili zangu timamu nikajibu, "Andika ukweli wote, usiache kitu."

Kesho yake akanipa bahasha imebandikwa gundi. Kuifungua niliona ni utovu wa adabu. (Wewe unayecheka, subiri.)

Mhasibu akavaa miwani, akasoma kwa sauti.

"Kijana huyu ananiletea trei 20 kila Jumatatu na Alhamisi tangu 2019. Hajakosa hata siku barabara ya Jangwani ilipofungwa kwa mafuriko." Nikakaa vizuri kwenye kiti.

"Yai likivunjika analeta jingine, haulizi nani kalivunja." Nikatabasamu, ingawa kwenye profoma niliyowapa shule niliandika kwamba mayai yakishapokelewa hayarudi.

"Namlipa mwisho wa mwezi, na nikichelewa hasemi kitu." Profoma yangu ilisema taslimu. Tabasamu likaanza kukauka.

Mhasibu akanyamaza. Akapandisha miwani. Akasoma taratibu, kama anayesoma wosia: "Na trei ananiuzia shilingi 7,500, wakati wenzake wote ni 9,000. Ana huruma sana mtoto huyu."

Kidole chake kikatoka kwenye barua, kikavuka meza, kikatua kwenye profoma yangu. 9,000. Kikarudi kwenye barua. Kikarudi tena kwenye profoma. Dereva wangu kule mlangoni akakohoa kikohozi ambacho hakikuwa kikohozi. Mimi nikawa napiga hesabu: 1,500 mara 60, elfu tisini kila wiki, inaondoka na kidole.

"Kumbe una huruma," akasema mhasibu.

Jamani, mteja anayekupenda atasifu kile kinachomfurahisha yeye, na kinachomfurahisha ni bei yake na mkopo wake. Ningemwambia mama aandike vitu vitatu tu: tangu lini, trei ngapi, na kwamba sikosi. Bei ni siri yetu. Tena ningemwomba niisome kabla ya gundi.

Basi, tukaangukia 8,000, malipo baada ya wiki mbili, ya kuvunjika ni juu yangu. Barua ikaingia kwenye faili lao.

Jioni mama akapiga. "Mwanangu, barua imesaidia?"

"Imesaidia sana, mama."

"Alhamdulillahi. Maana nimesikia mayai yanapanda, nikasema mimi bei yangu nimeshaiandika, na mhuri nimegonga."