Utani kwenye imeili ya mtu asiyekujua: kiboko aliyeniponza

"Kaka, nachoma kahawa hapa Mbeya, nataka niwaandikie imeili makambi ya watalii kule Ruaha, hawanijui hata kidogo. Niweke utani kidogo ili wasome au niende siriasi tu?"

Weka, ila sentensi moja, na iwe ya kwamba ukiifuta imeili inabaki imesimama. Mimi nilishawahi kuuza mbogamboga kwa makambi hayohayo nikiwa Iringa, utani umenipa wateja na umeninyima wateja, kwa hiyo siongei kwa kusikia.

Tuanze na kwa nini watu wanaweka utani, maana hawajakosea. Meneja wa kambi akifungua simu asubuhi anakuta wauza mayai, wauza sola, wauza mashuka, wote wameanza na "natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima wa afya", na wote wametuma maneno yaleyale kwa watu mia. Kitu kidogo cha kuchekesha kinamwambia huyu ni mtu kakaa chini akaandika. Hiyo ndiyo faida yake kubwa, wala sio kwamba kicheko kinauza. Nilipata watu kadhaa walionijibu "hahaha umenifurahisha" halafu kimyaaa, oda hakuna. Kicheko ni kicheko, oda ni oda.

Sasa hapa kwetu tuna tatizo ambalo wenzetu hawana, sisi tunajiona mabingwa wa utani. Mgogo akishuka stendi Iringa akamuuliza Mhehe leo supu ya mbwa gani, Mhehe anacheka na anamrudishia kuhusu kuombaomba, hata msibani watani wanakuja kufanya vituko na hakuna anayenuna. Lakini ule utani una leseni, mababu walishaelewana zamani, na mnaonana usoni, unaona kabisa kama mwenzio amecheka au amekaza shavu. Imeili ya kwanza haina leseni na haina uso. Nimeona kijana kaona jina la mwisho la mtu akadhani huyu mtani wangu, akamtania kabila, kumbe jina lile ni la ukoo wa sehemu nyingine kabisa. Imeili ikaishia hapo.

Nirudi kwangu. Nilituma imeili ya kwanza kwa kambi moja, kimya. Baada ya wiki nikatuma ya kukumbushia, na nilikuwa nimeona mtandaoni ule mtindo wa kumpa mtu achague, nadhani umeshawahi kuuona, umezagaa sana kwa wauzaji. Nikaandika hivi: "Naona uko kimya, bila shaka ni moja kati ya haya. A: umebanwa na kazi. B: hutaki mboga zangu. C: unakimbizwa na kiboko, nijulishe nikuitie msaada." Nikajiona fundi. Jibu lilikuja siku hiyohiyo, mstari mmoja: "Sio kiboko, ni tembo, na mlinzi wetu yuko hospitali."

Nilikaa na ile simu mkononi sijui nifanye nini. Angalia kosa lenyewe lilipo. Ule utani umetengenezwa kwa mtu anayekaa ofisini mjini, ambaye kiboko kwake ni katuni, nikaubeba nikampelekea mtu anayelala porini, ambaye kiboko na tembo kwake ni habari za kazi za kila siku. Na mimi nipo Iringa, hifadhi ni kama kilomita 130 tu, nilitakiwa kujua. Halafu kingine, utani ule ulikuwa unamsema yeye kwa kutonijibu, yaani nimemgeuzia kibao mtu ambaye simdai chochote. Imeili ya kukumbushia ni mahali pabaya zaidi kwa utani kuliko ya kwanza, kwa sababu mwenzio kimya chake kina sababu na wewe huijui.

Nilijibu mistari miwili, pole kwa mlinzi na samahani kwa utani, basi, sikujieleza wala sikutaja mboga. Ukianza kueleza kwamba ulikuwa unatania tu unazidi kuchimba.

Watu wengi wanasema basi jitanie mwenyewe, hapo salama. Nusu kweli. Ukijitania baridi, safari, lafudhi yako, sawa. Ukijitania kwenye kitu ambacho mnunuzi anakihofia, umejiua. Mfano wewe na kahawa, usije ukaandika "tunachomea jikoni kwa mama na hadi leo hakuna aliyekufa". Wewe unacheka, yeye anafikiria mgeni wake kuumwa tumbo saa nane usiku huku hospitali iko mbali, na anafikiria je, huyu wa jikoni kwa mama ataweza kunipa kilo ishirini kila mwezi? Usafi, ujazo, kufika kwa wakati, bei, hivyo vinne usivichekee kabisa.

Ningekuwa wewe ningeandika kitu kama hiki, salamu fupi kisha:

"Naitwa fulani, nachoma kahawa ya arabika ya Mbozi hapa Mbeya. Natuma kwa basi hadi Iringa ndani ya siku mbili tangu kuchomwa. Huku kwetu Julai kahawa ni dawa ya baridi kwanza, kinywaji baadaye, kwa hiyo tumejifunza kuichoma vizuri. Naomba nikutumie sampuli ya gramu 250 bure, nani apokee Iringa?"

Ona utani ulipo, katikati, na unaisukuma kahawa mbele badala ya kusimama peke yake. Kwenye kichwa cha imeili usiweke utani, andika "Kahawa ya Mbozi, sampuli kwa kambi yenu". Simu inaonyesha kichwa na maneno machache ya mwanzo tu, ukiyajaza vichekesho mtu hajui unauza nini na anapita. Na ule ujanja wa kuweka "Re:" mwanzoni ili ionekane mlishaongea, eti kumchekesha, huo ni uongo tu, akifungua ameshakasirika.

Kingine watu hawakifikirii, imeili inafowadiwa. Meneja anaweza kucheka kweli, halafu anaifowadi kwa mhasibu Dar au kwa mwenye kambi ambaye labda ni mgeni, na wewe haupo pale kueleza. Kama unaandika Kiingereza ndio punguza zaidi, utani wa lugha ya pili mara nyingi unatoka na makali ambayo hukuyakusudia.

Na kama kati ya hao unaowaandikia kuna taasisi ya serikali, sahau yote niliyosema. Pale ni "Yah:" na "husika na kichwa cha habari hapo juu", inapita masjala, inawekwa kwenye faili, na utani wako utasomwa miaka mitatu baadaye na mkaguzi.

Muda nao uangalie. Makambi mengi ya huko yanafunga kwenye mvua za Aprili na Mei, watu wengi wako likizo, na msimu wenyewe unachanganya Juni. Ukituma katikati ya Mei unamkuta meneja anapanga stoo na kichwa kimetulia. Ukituma Agosti hata utani mzuri hausomwi, mtu ana wageni kambi nzima na jenereta limegoma.

Yule meneja wa tembo hakuwahi kununua mboga kwangu. Msimu uliofuata alinitumia namba ya kambi ya jirani, bila salamu, nikawaandikia hao imeili ya mistari minne isiyo na kichekesho hata kimoja.