"Tumetokomeza kichocho"

"Tukiandika kwa upole hivyo, si mfadhili ataona hatujafanya kitu?" Ndivyo alivyouliza mratibu wa shirika dogo la afya hapa Mwanza, rasimu ya ripoti ya mwaka ikiwa mkononi, nilipomshauri apunguze makali ya madai yake.

Ana hoja. Mfadhili husoma ripoti nyingi, na yenye "huenda" kila mstari humchosha. Waliozunguka shuleni na makopo ya dawa nao wanastahili kutajwa.

Shida yangu ni sentensi ya ukurasa wa kwanza: "Tumetokomeza kichocho katika shule zetu." Kilichofanyika ni kwamba watoto walipimwa kimo na kumezeshwa prazikwanteli mbele ya mwalimu. Dawa hiyo huua minyoo ya kichocho iliyokomaa, lakini ile michanga huponyoka. Haimkingi mtoto na maambukizi mapya pia. Jioni ileile yuko ufukweni Igombe, maji kiunoni, palepale konokono wanapotoa mabuu ya minyoo hiyo. Hesabu ya waliomeza dawa inathibitisha kwamba dawa ziligawiwa, basi.

Lakini tulipima tena, atasema. Vizuri. Tuchukue hesabu ya mfano: kabla ya dawa walipimwa kinyesi watoto 200, na 80 walikuwa na mayai ya minyoo hiyo, yaani asilimia 40. Wiki sita baadaye walipatikana 150, wenye mayai 15. Mkono unawasha kuandika "kutoka asilimia 40 hadi 10". Na wale 50 walikuwa wapi? Kama walikuwa wakivua au wakisaidia kwenye dagaa, hao ndio washinda majini, wenye uwezekano mkubwa wa kuambukizwa. Tukidhani wote 50 wana mayai, tunapata 65 kati ya 200, asilimia 32.5. Tukidhani hakuna hata mmoja, ni asilimia 7.5. Pengo hilo kati ya 7.5 na 32.5 ndilo linalonikosesha raha, kwa sababu ripoti inalifunika kwa neno moja. Tena kipimo cha Kato-Katz hutazama kinyesi kidogo mno, miligramu 41.7 kwa kioo, hivyo baada ya dawa, mayai yakiwa machache, mtoto mgonjwa anaweza kuonekana mzima. Sijagusa bado dawa ambazo serikali nayo hugawa shuleni, ambazo huenda nazo zimechangia kushusha hesabu hiyo.

Na mfadhili? Nilimgeuzia mratibu swali: kama kichocho kimetokomezwa, fedha za dawa unazoomba mwakani ni za nini? Alicheka, akafuta sentensi. Kwa hesabu ya mfano wetu, mahali pake pangesomeka hivi: "Kati ya watoto 150 tuliowapima wiki sita baada ya dawa, 15 walionekana na mayai ya kichocho. Watoto 50 waliopimwa mwanzoni hatukuwapata. Mwakani tutawafuata majumbani na mialoni."